Saa za Bani

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, ni nadra kukuta kaya inayoishi kwa kazi moja. Mahindi na mihogo ni ya chakula, maharage ni ya chakula na ya kuuza, tumbaku ni ya fedha inayokuja mara moja kwa mwaka, pikipiki ni ya fedha ya kila siku, na wengine wana mizinga ya nyuki huko porini inayotembelewa mara chache tu. Ukiuliza katika kaya kama hiyo ni kazi ipi inayolipa, jibu huja haraka: tumbaku. Sababu nayo inaeleweka, kwani milioni zinaingia kwa mpigo, bati zinanunuliwa, ada za shule zinalipwa. Jibu hilo limehesabu fedha na kuziacha saa. Kutunza jedwali la saa na mapato msimu baada ya msimu kumenifundisha jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza. Nilidhani kazi ya jedwali ni kuonyesha kazi ipi iko mkiani ili iachwe. Sasa naamini kwamba kazi yake ya kwanza ni kuonyesha saa zipi ndani ya kila kazi hazilipi, na kwamba anayeacha kazi nzima kwa sababu tu wastani wake ni mdogo kuliko wa nyingine huweza kuacha ile ambayo angepaswa kubaki nayo.

Nianze na jedwali lenyewe, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Mstari mmoja ni kazi moja ya mtu mmoja kwa siku moja. Safu A ni tarehe, B ni jina la kazi, C saa ya kuanza, D saa ya kumaliza, E idadi ya saa, F jina la aliyefanya, G mapato na H gharama. Simu ya kawaida inatosha, ilimradi jina la kazi liandikwe kwa namna ileile kila mara, kwa sababu “Boda” na “Bodaboda” kwa jedwali ni kazi mbili tofauti. Ugumu uko kwenye safu E. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, na mtu aliyeingia shambani saa 11 alfajiri akatoka saa 3 asubuhi amefanya kazi saa nne. Jedwali likitoa 11 kwenye 3 litaandika hasi nane. Wengi wakiona hivyo hubadili saa zao zote ziwe za kizungu, wanachoka baada ya wiki mbili, na daftari linakufa. Hakuna haja ya kufanya hivyo. Andika saa kama unavyozitamka, nusu saa ukiiandika 0.5, kisha weka fomula hii:

```
=MOD(D2-C2,12)
```

Fomula hii huizungusha tofauti ndani ya saa 12, kwa hiyo kutoka 11 hadi 3 inatoa 4, kama ilivyo kweli. Ina kasoro moja tu, na kasoro hiyo huiangukia tumbaku moja kwa moja. Aliyekesha kwenye bani kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ataandikiwa sifuri. Aliyekesha hadi saa 1 asubuhi, yaani saa 13 kamili, ataandikiwa saa moja. Njia ya kulitambua kosa hilo ni kupitisha jicho kwenye safu E kila Jumapili na kutafuta mstari wenye jina la mtu na jina la kazi lakini wenye sifuri, au wenye saa moja mahali ambapo usiku mzima umepita. Njia ya kulizuia ni kuukata usiku vipande viwili kwenye saa 6: mstari mmoja kutoka 12 hadi 6, mwingine kutoka 6 hadi 12. Hapo kila kipande kinatoa saa sita, na usiku unarudi kwenye hesabu.

Nimelikalia jambo hilo dogo kwa sababu kukausha ndiko kunakobeba uzito wa tumbaku. Majani yakishafungwa kwenye fito na kupangwa ndani ya bani, moto lazima uangaliwe mchana na usiku kwa takriban juma moja. Joto linapandishwa hatua kwa hatua, kwanza ili majani yageuke rangi, kisha yakauke ubapa, mwishoni kikauke kikonyo cha katikati. Moto ukilala usiku, au ukichachamaa, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Kwa hiyo mtu anakaa. Je, kukaa kando ya moto ni kazi? Nimepima majibu kadhaa na nimebaki na kanuni moja inayofaa kwa bani na kwa kijiwe cha bodaboda vilevile: kama huna uhuru wa kuondoka kwenda kufanya jambo jingine, saa hiyo ni ya kazi hiyo. Kama wakati unaangalia moto unapukuchua mahindi, gawa saa nusu kwa nusu. Lakini usiifute. Saa inayofutwa kwa sababu “ulikuwa umekaa tu” ndiyo inayoifanya kazi mbaya ionekane nzuri.

Safu za fedha nazo zina mitego yake, ingawa ni michache. Mahindi yanayoliwa nyumbani yaandikwe kama mapato, kwa bei ambayo kaya ingelipa kuyanunua mwezi yanapoliwa. Ukiyaandika kwa bei ya mavuno utaonekana unalima bure, na ukiyaacha kabisa utaonekana unalima kwa hasara, wakati kwa kweli umejiepusha na bei ya Februari. Fedha ya tumbaku inayochelewa kulipwa iandikwe kwenye msimu ulioizaa, hata ikifika miezi baadaye. Na mwaka wa hesabu usianze Januari. Kigoma ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Oktoba au Novemba na kwisha kama Aprili au Mei, kwa hiyo mwaka wa kalenda unaukata msimu katikati. Mwaka wa jedwali letu unaanza Agosti, mbegu ya tumbaku inapomwagwa kitaluni, na kufungwa mwisho wa Julai.

Sasa tuchukue kaya moja ya mfano. Tarakimu nitakazotumia ni za kielelezo, nimezirahisisha ili msomaji aweze kuzifuata kwa akili, na kila mtu ataweka za kwake. Kaya hii ina ekari moja ya tumbaku, ekari moja na nusu ya maharage, pikipiki moja inayoendeshwa siku 20 kwa mwezi, na mizinga 15. Tumbaku imeuzwa kwa sh 3,200,000. Chama cha msingi kimekata sh 1,150,000 za pembejeo za mkopo, kuni na vibarua vimekula sh 450,000, zimebaki sh 1,600,000. Saa ni 1,600: kitalu 150, kuandaa shamba na kupandikiza 230, palizi na kukata vikonyo 260, kuchuma na kufunga kwenye fito 300, kukausha 380, kupanga madaraja na kufunga marobota 280. Saa moja imelipa sh 1,000. Maharage yametoa magunia matano, sh 1,000,000, gharama sh 250,000, saa 500. Saa moja imelipa sh 1,500. Mizinga imeacha sh 240,000 kwa saa 60, yaani sh 4,000 kwa saa. Ukitaka jedwali likufanyie hesabu hiyo, fomula ya kila kazi ni hii, jina likibadilishwa:

```
=(SUMIFS(G:G,B:B,"Tumbaku")-SUMIFS(H:H,B:B,"Tumbaku"))/SUMIFS(E:E,B:B,"Tumbaku")
```

Tazama kwanza kosa la usiku lingefanya nini hapa. Kama katika saa zile 380 za bani kuna usiku 20 wa saa 12, na jedwali limeuandika kila mmoja sifuri, saa 240 zimepotea. Tumbaku ingeonekana imechukua saa 1,360, na saa moja ingeonekana imelipa sh 1,176. Fedha ni ileile na mchovu ni yuleyule. Kilichoongezeka ni sifa ya zao.

Pikipiki ina hesabu yake. Inaingiza sh 15,000 kwa siku, kwa hiyo sh 300,000 kwa mwezi. Petroli sh 90,000, oili na matengenezo madogo sh 30,000, zinabaki sh 180,000 kwa saa 160, yaani sh 1,125 kwa saa. Hapa madereva wengi husimama na kusema boda inaizidi tumbaku. Lakini chombo kinachakaa. Kama kilinunuliwa sh 2,700,000 na baada ya miaka mitatu kitauzwa sh 900,000, basi kila mwezi kinakula sh 50,000 ambazo hakuna anayezitoa mfukoni siku hiyo, na barabara za vumbi na mawe zinaweza kuufupisha muda huo. Ukiziandika kwenye gharama, zinabaki sh 130,000, na saa inashuka hadi kama sh 812. Kwa wastani, basi, boda ndiyo ya mwisho. Anayefuata kanuni ya kuacha kinacholipa kidogo zaidi angeuza pikipiki leo.

Angekosea, na jedwali lilelile linaweza kumwonyesha kwa nini, akilisoma kwa vipande. Saa nane za siku ya boda hazifanani. Asubuhi kuna watu wa soko, hospitali na ofisi. Jioni kuna wanaorudi. Katikati, kuanzia kama saa 5 hadi saa 8 mchana, pikipiki zimepangwa kijiweni chini ya mti na madereva wanasubiri. Tuseme saa tano za asubuhi na jioni zinaleta sh 13,000 na zile tatu za mchana zinaleta sh 2,000. Kwa mwezi saa za mchana ni 60, mapato yake sh 40,000, petroli yake sh 12,000. Kilichobaki ni sh 28,000, yaani kama sh 467 kwa saa. Ziondoe saa hizo peke yake. Boda inabaki na saa 100 na sh 102,000, gharama ya uchakavu ikiwa imeshatolewa yote, na saa moja sasa inalipa sh 1,020. Kazi iliyokuwa mkiani imeipita tumbaku, kwa kuondolewa tu saa ambazo hazikuwa zikifanya kitu. Na zile saa 60 katika miezi ya Desemba na Januari zinaweza kuingia kwenye palizi, mahali pa kibarua ambaye angelipwa. Hii ndiyo sababu nasisitiza saa ya kuanza na saa ya kumaliza ziandikwe kila moja kwenye safu yake. Anayeandika jumla tu, “leo boda saa nane”, hataweza kamwe kuona shimo la mchana.

Mizinga inaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Sh 4,000 kwa saa ni malipo makubwa kuliko yote, na mtu anaweza kushawishika kusema: nihamishie saa zangu zote huko. Lakini kumtembelea nyuki mara mbili zaidi hakumfanyi atengeneze asali mara mbili zaidi. Asali inategemea maua ya miyombo, maji yaliyo karibu, na makundi yaliyoamua kuingia kwenye mzinga. Saa ya 61 kwenye mizinga ileile 15 hailipi sh 4,000, huenda isilipe chochote. Ili kuongeza, lazima uongeze mizinga na pengine kusogea mbali zaidi, na hapo saa za njiani zinaanza kuingia. Wastani unakueleza saa zilizopita zililipaje. Haukuahidi saa inayofuata.

Tumbaku nayo? Wakulima wengi wanaoanza kuitilia shaka huchagua njia ya katikati: wanapunguza shamba liwe nusu ekari. Kwa maharage njia hiyo ingekuwa salama, kwa sababu nusu ya shamba ni nusu ya palizi. Kwa tumbaku bani linakataa. Moto unaangaliwa usiku kucha, bani likiwa limejaa au likiwa nusu. Kama idadi ya mikausho inabaki ileile, kila mmoja ukiwa na nusu ya fito, saa za kukausha zinabaki 380. Saa nyingine 1,220 zinashuka hadi 610. Jumla ni 990, mapato halisi, hata kama kuni nazo zingepungua nusu, ni sh 800,000, na saa inalipa kama sh 808. Kupunguza kumeifanya kazi iwe mbaya kuliko ilivyokuwa. Isipokuwa majirani wawili wakubaliane kujaza bani moja kwa zamu na kugawana usiku, tumbaku ni zao la kulima kwa ukubwa unaojaza bani au kutolima kabisa.

Basi iachwe kabisa? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolichukulia jedwali kama hakimu. Saa 1,600 zikiachiliwa hazilipi chochote mpaka zipate pa kwenda. Kaya yetu inaweza kukodi ekari nyingine moja na nusu ya maharage kwa sh 100,000, na kupata sh 650,000 kwa saa 500, yaani sh 1,300 kwa saa. Saa 1,100 zinabaki mkononi. Lakini tumbaku ilikuwa na jambo jingine lisiloonekana kwenye mstari wake. Katika kaya nyingi mkopo wa pembejeo kupitia chama ndio mlango pekee wa mbolea, na mfuko mmoja au miwili huishia kwenye mahindi. Tumbaku ikiondoka, mbolea ya mahindi inanunuliwa kwa fedha taslimu. Ruzuku ya serikali iliyoanza msimu wa 2022/23 imepunguza makali, lakini bado fedha lazima iwepo mkononi mvua zinapoanza. Tuseme ni sh 150,000. Kwa hiyo ili kaya isipungukiwe, zile saa 1,100 lazima zilete sh 950,000 na juu yake sh 150,000 za mbolea, jumla sh 1,100,000, yaani sh 1,000 kila saa. Boda ya mchana haiwezi, tumeona. Kibarua huenda kikaweza katika miezi ya palizi, si Agosti wakati hakuna wa kukuajiri. Kama hakuna pa kuzipeleka saa hizo, kuacha tumbaku ni kununua mapumziko kwa zaidi ya milioni moja. Mapumziko ni kitu halali kununua. Lakini mnunuzi ajue bei.

Kuna pingamizi ambalo wazee wa hapa wangelitoa kabla hata hoja yangu haijafika hapa, nami naliheshimu: kwamba aliyeacha kazi zake zote akabaki na ile inayolipa zaidi, siku kazi hiyo itakapoanguka ataanguka nayo. Kasulu na Kibondo wana ushahidi wao wenyewe. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, ilipopokea wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa wingi ikafurika, na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa tena. Maelfu ya watu walihitaji ndizi, mihogo, mboga, mkaa na usafiri. Kwa miaka michache, saa za mwenye pikipiki au mwenye shamba la mboga karibu na kambi zililipa kuliko karibu kila kitu. Kisha mwaka 2017 mpango wa Shirika la Chakula Duniani wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu Nyarugusu ukasitishwa, na kati ya 2018 na 2019 masoko ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji yakafungwa. Mnunuzi aliondolewa kwa uamuzi uliofanyika mbali na shamba. Jedwali la 2016 lingemwambia mkulima wa Makere, jirani na kambi, aache maharage alime mboga za kambi tu. Lingekuwa limehesabu sawasawa, na lingemponza.

Lakini pingamizi hilo, likichunguzwa, linadai jedwali zaidi. Kusema “tuwe na kazi nyingi” hakutoshi, kwa sababu kazi tano zinazomtegemea mnunuzi mmoja ni kazi moja. Mboga za kambi, boda ya kambini na kibanda cha kando ya njia ya kambi vyote vilianguka pamoja. Ninachofanya ni kuongeza safu moja inayomtaja anayelipa: chama cha msingi, mfanyabiashara wa maharage, abiria, wa nyumbani. Kazi inayolipa kidogo lakini mlipaji wake hafanani na wengine nitaibakiza, nikiipunguzia saa. Kazi inayolipa kidogo na mlipaji wake ni yuleyule wa kazi nyingine mbili, hiyo ndiyo ya kwanza kutoka. Na kabla ya kuhukumu kazi yoyote ya shambani nataka misimu miwili, ikiwezekana mitatu. Mvua ya msimu mmoja ikichelewa, maharage yanaweza kulipa nusu ya hiyo sh 1,500 au yasilipe kabisa. Boda, kinyume chake, miezi mitatu inatosha kuielewa, ilimradi mmojawapo uwe wa mvua, tope linapoifanya njia iwe ndefu.

Nimeacha mpaka sasa safu F, ya jina la aliyefanya, nayo ndiyo ninayoijali kuliko zote. Fedha ya tumbaku hulipwa kwa mwanachama aliyesajiliwa, na mara nyingi huyo ni baba. Kati ya zile saa 1,600, tuseme 500 ni zake. Akigawa sh 1,600,000 kwa saa zake mwenyewe, tumbaku inamlipa sh 3,200 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya maharage, na kwa hesabu hiyo hawezi kuiacha, wala hasemi uongo anaposema inalipa. Saa 1,100 zilizobaki ni za mke, za mama mkwe, za watoto wakubwa wanaofunga majani kwenye fito na kupanga madaraja hadi usiku. Nimeona kwamba mstari mmoja wa jina unabadilisha mazungumzo ya kaya kuliko mstari wowote wa fedha. Mtu hawezi kuitazama safu yenye jina la mkewe lililojirudia kuanzia Februari hadi Mei, kisha akasema kazi hiyo ni yake.

Pingamizi la haki hapa ni kwamba saa za familia haziuzwi, na kwamba kuzitia kwenye jedwali ni kuwafanya watu wa nyumbani kuwa vibarua. Nalielewa, lakini naliona limepinduka. Saa ambayo haikuandikwa ndiyo iliyochukuliwa bure. Iliyoandikwa inaweza kuulizwa: mama angefanya nini kwa saa hizo za Machi, wakati maharage ya msimu wa pili yanataka kupandwa na palizi yake ya kwanza inagongana na bani? Katika kaya yetu jibu liko kwenye jedwali, sh 1,500 kwa sh 1,000, na mgongano wa mwezi huo mmoja huenda ndio sababu maharage hayajawahi kuzidi magunia matano. Kwa watoto sihesabu kabisa kwa shilingi. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande huingiza nikotini kupitia ngozi. Mchumaji hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, na mwili mdogo huumia zaidi. Saa za mtoto naziandika kwa rangi nyingine, na jumla yake naisoma kama saa ambazo lazima zipatikane kwa mtu mzima anayelipwa. Kama saa 200 kati ya zile 1,600 ni za watoto, na zinageuzwa kuwa za kibarua kwa sh 1,000, mapato halisi yanashuka hadi sh 1,400,000, kwa saa 1,400 za watu wazima wa kaya. Kiwango kinabaki sh 1,000, lakini kaya imepungukiwa na sh 200,000 ambazo hazikupaswa kuwa zake tangu mwanzo. Kama zao haliwezi kusimama bila saa hizo, basi jibu lake limeshapatikana hata kabla ya kulilinganisha na maharage.

Yote haya yana tarehe. Uamuzi wa tumbaku hauwezi kufanywa Machi mtu akiwa amesinzia mbele ya moto, ingawa ndipo unapotamaniwa zaidi. Mkopo umeshachukuliwa, mbolea imeshamwagwa, na kuacha katikati ni kubaki na deni bila zao. Nafasi ni kati ya malipo ya mwisho na kitalu kipya, yaani wiki chache za Julai, kabla jina halijaandikwa tena kwenye orodha ya pembejeo. Katika wiki hizo kaya ikae na jedwali lililo wazi mezani, wote ambao majina yao yako kwenye safu F wakiwepo, na kando yake karatasi moja ya zile saa 1,100 ambazo zingebaki mkononi tumbaku ikiachwa: mwezi kwa mwezi, zitakwenda wapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi. Kama karatasi hiyo inajazika hadi Mei, mbegu ya tumbaku mwaka huu isiagizwe. Kama inajazika hadi Januari tu na Februari hadi Mei zimebaki nyeupe, bani litawashwa tena msimu mmoja, na ekari ya kukodi ya maharage ijaribiwe pembeni, saa zake zikiandikwa tangu siku ya kwanza ya jembe.